Jibu la Mistari Miwili

Mimi ni mhasibu wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Pasua, na maombi ya wanafunzi wanaotafuta nafasi ya fildi hupitia mezani kwangu. Kwa miaka mingi wote niliwajibu sawa: "Ombi lako limepokelewa. Nafasi hakuna." Sikuwa na chuki na mtu. Niliamini tu kwamba kukataa hakuhitaji maelezo.

Mwaka mmoja binti wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi alikuja na jibu langu mkononi. Akaniamkia, akasema, "Baba, naomba kujua nilikosea wapi, nirekebishe kabla sijapeleka kwingine."

Nikatoa faili. Hakukosea. Nafasi zetu mbili zilikuwa zimejaa tangu Aprili, na wa kusimamia wanafunzi na kusaini vitabu vyao vya fildi ni mimi peke yangu. Mistari yangu miwili haikusema hayo, naye akajiona hafai. Alikuwa na haki ya kunilaumu, lakini alinishukuru kwa kumkaribisha kiti. Hilo liliniingia moyoni.

Jioni nikaandika upya. Kwanza niliweka maneno matamu, "tutakukumbuka nafasi ikipatikana," kisha nikayafuta. Mwanafunzi ana tarehe za chuo. Angekaa anasubiri simu ambayo nisingepiga. Mwishowe nikamwandikia hivi:

"Habari za leo, binti yangu. Mwaka huu hatutaweza kukupokea, kwa kuwa nafasi mbili tulizonazo zilijaa Aprili. Sababu si wewe. Ila umeomba 'idara yoyote'. Taja kazi unayotaka kujifunza, mfano kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ili msimamizi ajue akuweke wapi. Msimu wa kahawa unaanza, na AMCOS za Uru na Kibosho zina stakabadhi za kuandika na leja za wanachama za kujaza. Nimezungumza na katibu wa mojawapo. Hajaahidi nafasi, ila yuko tayari kukuona Jumatatu asubuhi. Nenda na barua ya chuo yenye tarehe za kuanza na kumaliza."

Kilichonichukua muda ni ile simu kwa katibu. Bila kuuliza kwanza, ningempandisha mtoto wa watu mlimani kwa nauli yake, akakute mlango umefungwa.

Nawe unayejibu maombi ukiwa umechoka, nakuelewa. Wiki za kufunga hesabu bado natamani ile mistari miwili. Nikizidiwa, naacha maneno mengine yote, lakini sababu ya kweli naiandika. Na siku hizi nauliza kwanza kama mwombaji bado yuko chuoni. Aliyehitimu hahitaji fildi, anahitaji utarajali, kwa hiyo huyo namwelekeza TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, akajiandikishe huko.