Malipo Yaleyale, Majina Matatu

Nikiwa likizo nyumbani Laela, kazi yangu ya jioni ni kutafsiri barua pepe. Kikundi cha wakulima wa maharage cha kwetu kina mnunuzi ambaye ofisi yake huandika kwa Kiingereza tu, na msimu wa mavuno barua huingia karibu kila siku. Naziweka kwa Kiswahili, katibu anawatumia viongozi wa vijiji, nao wanawasomea wanachama.

Kabla yangu walitafsiri vijana watatu kwa zamu. Mnunuzi alikuwa na neno moja, lile ambalo mtaani tunaliita advansi. Wa kwanza aliandika "kianzio", wa pili "amana", wa tatu "malipo ya awali". Ukisoma barua mojamoja, zote zinaeleweka. Shida ni kwamba wanachama walisomewa zote. Kijiji kimoja kikahesabu mafungu matatu ya fedha: kianzio tumepata, je, amana iko wapi? Lori lilipofika wakagoma kupakia. Dereva alilala pale siku mbili, na gharama ya kusubiri ikakatwa kwenye fedha za kila mwanachama, hata wa vijiji ambavyo havikugoma.

Ndiyo maana nikafungua faili la ekseli lenye safu nne: maneno ya Kiingereza, tafsiri tuliyokubaliana, tafsiri tusizotumia, na nani kaikubali na lini. Safu ya tatu inaonekana ya ziada, lakini ndiyo inayookoa. Usiku ukiwa umechoka, "amana" inakuja yenyewe mkononi. Kabla ya kutuma nabonyeza Ctrl+F na kutafuta kila neno lililokatazwa. Kazi ya dakika tatu.

Nani anakubali tafsiri? Kamusi ya TUKI ninayo, na BAKITA wana vijitabu vyao vya Tafsiri Sanifu, lakini kamusi inakupa machaguo tu, haikuchagulii. Kwa fedha ya mwisho, ile inayolipwa mzigo ukishapokelewa, nilimpelekea katibu mawili: "salio" na "malipo ya kumalizia". Mama yule akacheka. "Mwanangu, salio ni la simu. Ukimwambia mzee wa hapa salio limeingia, ataangalia vocha." Tukachukua la pili, nikaandika jina la katibu na tarehe. Hiyo tarehe ina kazi: mtu akiuliza mbona barua za zamani zinasema vingine, unamwonyesha siku tulipobadili.

Sasa hapa ndipo Kiswahili kina mambo yake. Tuseme umekuta barua ya zamani inayosema "Amana yako imepokelewa", ukaiambia kompyuta ibadili kila "amana" kuwa "malipo ya awali". Utapata "Malipo ya awali yako imepokelewa". Neno limebadilika, upatanisho umebaki wa ngeli ile ya kwanza. Sahihi ni "Malipo yako ya awali yamepokelewa": kitenzi kimebadilika, na hata "yako" imehama. Kwa hiyo sihifadhi neno peke yake. Nahifadhi sentensi nzima jinsi inavyojirudia kwenye barua, na nafasi wazi ya tarehe na kiasi. Kwa mfano: "Malipo yako ya awali ya shilingi ___ yamepokelewa tarehe ___." Nanakili, najaza, natuma.

Kuna maneno ambayo hayakubali mstari mmoja. Mnunuzi huandika sana deliveri. Barua moja alimaanisha siku ya kupakia Laela, nyingine siku mzigo unapofika ghalani kwake. Katikati ya siku hizo mbili kuna swali zito: mvua ikilowesha magunia njiani, hasara ni ya nani? Ningechagua "kukabidhi mzigo" kila mahali, barua zingefanana vizuri kabisa huku zikificha jambo ambalo wanachama wanapaswa kulijua. Nikamwomba katibu aiulize ofisi ya mnunuzi. Wakajibu kwamba kwenye vifungu vya malipo wanamaanisha kufika ghalani. Sasa neno hilo lina mistari miwili: "kupakia mzigo Laela" na "kufikisha mzigo ghalani kwa mnunuzi", kila mmoja na sentensi yake ya mfano. Nikikuta barua isiyoonyesha ni ipi kati ya hizo, siitafsiri mpaka nipate jibu.

Faili lina mistari 43 hadi leo, nayo inatosha kwa sehemu kubwa ya kila barua. Salamu na pole za misiba sikuziingiza. Hizo naziandika upya kila mara, kwa sababu mtu aliyefiwa akisomewa maneno yaleyale aliyosomewa jirani yake mwezi uliopita, anajua hukumwandikia yeye.