Stoo ya Mama Pale Sinza

Mwezi uliopita walivunja stoo ya mama pale Sinza ili zijengwe frem za kupangisha. Nilipofika, fundi alikuwa ameshashusha bati. Mtoto wa kaka yangu alisimama juu ya kifusi ameshika nondo moja kati ya zile nne zilizopita juu, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Shikamoo shangazi. Hizi zilikuwa za kuanikia nini?"

"Marahaba. Tulining'iniza uyoga."

"Uyoga? Si unaota porini mvua zikinyesha?"

Ana miaka 17. Karo ya sekondari ya baba yake ilitoka kwenye nondo hizo, na hakuna aliyewahi kumwambia. Hilo liliniuma kuliko ukuta ulioanguka.

Siku zote nimekuwa nikisema tulianza 1995. Nimelifungua daftari la mama, nalo linaanza Juni 1997. Basi na iwe 1997. Mama alikuwa amepunguzwa kazini, na wa rika langu wanaijua miaka ile bila kuelezwa. Stoo ilikuwa ya matofali, mita tatu kwa mbili, imejaa magodoro mabovu. Tuliyatoa, tukamwaga mchanga sakafuni, tukatundika magunia ya katani ukutani. Mchanga na magunia vililoweshwa kila siku ili chumba kiwe na unyevu kama wa alfajiri ya masika.

Uyoga wenyewe ni ule uitwao mamama, wenye kofia kama sikio. Mbegu zake si mbegu za kupanda kama mchicha. Ni punje za mtama zilizochemshwa na kuoteshwa utando mweupe wa uyoga ndani ya chupa, na sisi tulizifuata Mlimani, Chuo Kikuu. Chakula cha uyoga kilikuwa majani makavu ya mpunga. Mama aliyakatakata kwa panga yawe na urefu wa kidole cha shahada, akayaloweka usiku kucha, asubuhi akayachemsha kwenye pipa kwa saa nzima. Harufu ya pipa lile ningali nayo puani: nusu wali unaotokota, nusu zizi la ng'ombe lililonyeshewa. Majirani walijua kwa harufu kwamba leo mama anajaza mifuko.

Kazi yote ilikuwa hapo, kwenye maji. Majani yakishachuja, mama aliyafinya kwenye kiganja. Yakitoa tone moja au mawili, yako tayari. Yakichuruzika, aliyarudisha juani, kwa kuwa maji yakizidi hewa hukosa njia na mfuko huoza kwa ndani. Kisha aliyagusisha shavuni. Yakiwa bado na uvuguvugu aliyaacha, maana joto huua mbegu. Kilo 10 za majani makavu zilijaza mifuko kumi ya nailoni na kula chupa mbili za mbegu: tabaka la majani, punje kidogo, tabaka jingine, mpaka juu.

Mifuko ilikaa gizani wiki tatu. Kila asubuhi mama aliipitia na tochi. Utando mweupe ukisambaa kama ukoko wa wali, na ukinusa ukapata harufu ya unga mbichi, mambo ni mazuri. Harufu ikiwa ya uchachu, au likitokea doa la kijani kama la mkate uliovunda, mfuko ule ulitoka nje siku hiyohiyo na kuzikwa mbali, kabla vumbi la ukungu halijaambukiza mingine. Mifuko iliyokuwa myeupe yote ilitundikwa kwenye nondo, ikatobolewa matundu, dirisha likafunguliwa kidogo. Uyoga ukitoka na shina refu na kofia ndogo kama kifungo, mama alijua chumba kimekosa hewa. Kwa kilo 10 zile tulivuna kama kilo saba kwa mikupuo mitatu, na mkupuo wa kwanza ndio uliobeba karibu nusu.

Kuuza kulikuwa mlima mwingine. Majirani waliogopa, na walikuwa na haki, kwa kuwa uyoga wa porini umeua familia. Mama hakubishana nao. Alipika kibarazani, akala yeye kwanza, akawapa siku iliyofuata.

Mnunuzi aliyetubeba alikuwa mpishi wa hoteli moja ya Barabara ya Shekilango, mzee mfupi aliyefunga kitambaa cheupe kichwani. Huyu ndiye aliyetufundisha biashara. Siku ya kwanza nilimpelekea uyoga kwenye mfuko wa plastiki. Aliufungua, akanionyesha matone yaliyojikusanya ndani. "Mwanangu, umeuchemsha njiani. Uyoga unapumua. Ulete kwenye kikapu." Alikataa kofia ambazo ukingo wake umeanza kujikunja kwenda juu, kwani hizo zimezeeka na zina ugumu wa kamba. Alitaka zenye ukingo ulioinamia chini bado, upana wa vidole vitatu. Kisha alinivuta jikoni, akaweka uyoga kwenye kikaango kikavu bila mafuta. Ulitoa maji yake, maji yakakauka, ndipo akatia mafuta, kitunguu na mwisho tui zito. Mpaka leo sijui kuupika vingine.

Ule ukingo unaojikunja ulihusu pia afya yetu. Mwaka wa pili mama alianza kukohoa usiku. Tulidhani ni vumbi la majani, kumbe uyoga uliokomaa hudondosha unga mweupe mwepesi, na unga ule huwasha mapafu ya mtu anayeuvuta kila siku. Tangu hapo alichuma mapema, na alijifunga kanga puani kila alipoingia. Kikohozi kilipungua, hakikuisha.

Baada ya 2005 hivi yalikuja mambo ya haraka. Semina zikawa nyingi, kila mtu akaambiwa atatajirika. Majani ya mpunga yakaachwa, watu wakajaza vumbi la mbao lililochanganywa na pumba ili wavune zaidi. Pumba ni chakula kitamu kwa uyoga, na kwa ukungu wa kijani vilevile. Mifuko ya namna hiyo inataka mvuke wa saa nyingi. Wao waliipa muda ule wa majani, wakapoteza vyumba vizima, kisha wakalaumu mbegu. Siku hizi nauona uyoga dukani umevikwa plastiki juu ya sahani, umetota jasho, kingo zimejikunja, na bei imebandikwa. Huwa nakasirika hadharani. Yule mzee angeurudisha wote.

Mama aliacha alipozidiwa na magoti. Alifariki, nyumba ikawa ya warithi, na warithi wanataka frem. Mimi ni mmoja wao. Nilitia sahihi.

Fundi alizitaka nondo kwa ajili ya linta. Nilimwachia tatu. Kisha nikaketi na kijana juu ya tofali nikampa daftari. Alisoma taratibu: kilo mbili, saa 1:20, Shekilango. Kilo moja na nusu, saa 1:15, Shekilango. Ukurasa baada ya ukurasa.

"Shangazi, mbona bibi aliandika saa kila mahali?"

"Tulichuma saa 12. Ikipita saa 2 bila kufika jikoni, aliniuliza nilipitia wapi."

Aliangalia upande wa barabara, akahesabu kimoyomoyo.

"Dakika kumi na tano kwa miguu," alisema.

"Ishirini, ukiwa na kikapu."