Kivuli Kilichoelekea Mlimani

Neno la kwanza nililoandika kwenye ripoti yangu ya kwanza ya kazi lilikuwa "feki". Msimamizi wangu wa fildi, ambaye ofisi nzima tulimwita Mama, alilikata kwa kalamu nyekundu kabla hata hajafika mwisho wa sentensi. Akanirudishia karatasi, akasema, "Mwanangu, wewe umeona picha. Huyo mtu hujamwona. Andika ulichokiona."

Ilikuwa Julai 2024. Wenzangu wengi walipata fildi benki na halmashauri, mimi nikaangukia ofisi ndogo ya watathmini wa hasara hapa Moshi mjini. Kampuni ya bima ikipata dai lenye utata, huituma ofisi kama hiyo iangalie na kuandika ripoti. Wiki mbili za kwanza nilibeba mafaili na kununua chai. Ya tatu nikapewa picha.

Dai lenyewe lilikuwa dogo. Noah inayopakia abiria kati ya Kibosho na mjini, yenye bima kubwa iliyoanza tarehe 1 Julai, ilidaiwa kugongwa Jumapili ya tarehe 14 Julai. Fomu ilitaja bampa la mbele, taa ya kulia na mlango wa nyuma wa kulia. Dereva alieleza kwamba ajali ilitokea karibu saa sita mchana, na kwamba kama saa moja baadaye alilipiga gari picha kwenye kiwanja kimoja cha wazi Pasua. Picha ilikuwa hiyo hiyo moja: Noah imetazama kamera, bampa limening'inia, taa imepasuka, nyuma yake nguzo ya umeme, na mbali kabisa mlima wetu ukiwa wazi bila wingu. Ofisa wa bima aliona uzuri wa ule mlima akasita. Julai, saa saba mchana, Kibo wazi namna ile? Swali lake kwetu lilikuwa fupi: je, picha hii ilipigwa tarehe 14 Julai?

Nilianza na kile ambacho kila mwanafunzi wa leo angeanza nacho, yaani taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Nikaandika kwenye kompyuta:

```
exiftool IMG-20240716-WA0012.jpg
```

Sikupata tarehe ya kupigwa wala aina ya simu. Picha ilikuwa imepitia WhatsApp, na WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa, huiminya upya na kuifuta taarifa hizo. Nikafurahi kidogo nilipoona 20240716 kwenye jina la faili, Mama akanizima. Namba hizo hupangwa na WhatsApp yenyewe na zinaonyesha siku picha ilipopita humo, hazisemi ilipigwa lini. Picha ya mwaka 2019 ukiituma leo, itapewa tarehe ya leo. Na kukosekana kwa taarifa hakumaanishi kuna mtu aliyezifuta kwa hila, kwa sababu karibu kila picha inayopita njia hiyo hufika ikiwa hivyo.

Kuhusu mlima kuwa wazi, nilitaka kuandika kwamba Julai haiwezekani. Mama akauliza, "Haiwezekani, au ni nadra?" Ni nadra tu. Sote tunaokaa Moshi tunajua miezi hiyo mlima hujifunika mchana, lakini kuna siku hufunguka. Hoja ya namna hiyo inaruhusu mtu kushuku, haitoshi kuhitimisha. Theluji nayo tuliiacha, maana huongezeka na kupungua kwa siku chache.

Kikabaki kivuli.

Ile nguzo ya umeme ilikuwa na kivuli kilichokolea. Shina la nguzo lilionekana, na ncha ya kivuli pia. Kivuli kilitoka kwenye shina kikaenda mbali na kamera, kuelekea mlimani, kikipita kati ya Kibo na Mawenzi. Mwanzoni sikuona cha ajabu. Mama akaniuliza swali la darasa la tano: "Mwezi wa saba jua liko upande gani wa Moshi?"

Moshi iko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 3 na theluthi hivi. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, katika wiki ya pili ya Machi na tena siku za kwanza za Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana liko kaskazini yetu, na kati ya Oktoba na Machi liko kusini. Kibo nayo, ukiwa Moshi, iko karibu kaskazini kabisa, kama kilomita 30. Kwa hiyo tuna dira kubwa kuliko zote nchini, na tunaishi chini yake. Katikati ya Julai jua huchomoza kaskazini ya mashariki, hupita kaskazini, huzama kaskazini ya magharibi. Halivuki kwenda kusini hata dakika moja. Maana yake ni kwamba siku hiyo hakuna saa yoyote ambayo kivuli cha kitu kilichosimama wima Moshi kinaweza kuelekea mlimani. Hata kama dereva alikosea saa, hoja haibadiliki.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu Mama alinituma nitafute njia zote ambazo ningekuwa nimekosea.

Ya kwanza: vipi kama picha ilipigwa upande wa pili wa mlima, Rongai au Kenya? Huko mlima uko kusini, na kivuli cha Julai kingeelekea kwake bila tatizo lolote. Jibu likawa kwenye umbo la mlima. Ukitazama kutoka Moshi, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Ukitazama kutoka Kenya, zinabadilishana. Kwenye picha Kibo ilikuwa kushoto.

Ya pili: vipi kama picha imegeuzwa kushoto kulia, kama kamera ya mbele inavyofanya? Namba za gari zilisomeka sawasawa, kwa hiyo haikugeuzwa.

Ya tatu: vipi kama gari limebandikwa kwenye picha nyingine? Kivuli cha gari na cha nguzo vilielekea upande mmoja, na sikuona mshono popote. Lakini picha iliyominywa na WhatsApp hupoteza alama nyingi ndogo ambazo zingetuonyesha kiraka. Kwa hiyo niliruhusiwa kuandika "sikuona dalili". Sikuruhusiwa kuandika "haikuchezewa".

Halafu nikaenda Pasua kwa miguu yangu. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlima ukiwa wazi, nikaipata nguzo ile ile na ukuta ule ule, nikasimama mahali mpiga picha aliposimama. Nilirudi mchana. Mlima ulikuwa umeshajifunika, ila jua lilitoka kwa dakika chache karibu saa saba kasorobo. Kivuli changu, kama sentimita 70 hivi, kilielekea upande wa TPC, mgongo kwa mlima. Nilikipiga picha, kikawa kiambatisho.

Urefu wa kivuli cha nguzo, ambao ungeweza kusaidia kukadiria mwezi, sikuutumia. Kivuli kinachokwenda mbali na kamera huonekana kifupi kuliko kilivyo, na sikujua lenzi iliyotumika.

Ripoti iliyotoka ilijaa ukurasa mmoja. Sehemu yake kuu ilisomeka hivi:

"Tulichopokea: picha moja iliyopitia WhatsApp. Faili la awali kutoka kwenye simu iliyopiga hatukulipata.

Tulichoulizwa: je, picha ilipigwa Pasua tarehe 14 Julai 2024?

Tulichokiona: kivuli cha nguzo kinaelekea kaskazini. Katika eneo hilo, tarehe hiyo, kivuli hakiwezi kuelekea huko saa yoyote ya mchana.

Maoni: matokeo haya yanaunga mkono kwa nguvu sana kwamba picha ilipigwa katika kipindi kingine, takriban kati ya Oktoba na Machi, kuliko kwamba ilipigwa tarehe iliyotajwa.

Mipaka: maoni haya yanategemea kwamba mahali ni pale palipotajwa na kwamba picha haikuunganishwa. Hatukuona dalili ya kuunganishwa, lakini ubora wa faili hauturuhusu kulikataa jambo hilo kabisa. Picha haithibitishi wala haikanushi kwamba ajali ilitokea tarehe 14 Julai. Hatutoi maoni kuhusu nia ya mtu yeyote.

Pendekezo: gari likaguliwe, na faili la awali liombwe."

Niligombana na Mama juu ya "kwa nguvu sana". Jua halidanganyi, nikasema, kwa nini tusiandike "hakika"? Akanijibu kwamba jua ni hakika, lakini hitimisho letu halisimami juu ya jua peke yake. Linasimama pia juu ya mahali, na juu ya uzima wa picha, na hivyo viwili hatuna hakika navyo kwa kiwango hicho hicho. Hitimisho haliwezi kuwa imara kuliko nguzo yake dhaifu. Na ile "kuliko" akaniambia nisiiondoe kamwe. Maabara za uchunguzi za Ulaya, kupitia mtandao wao wa ENFSI, zilitoa mwongozo mwaka 2015 unaosisitiza jambo hilo: mtaalamu apime matokeo yake dhidi ya maelezo mawili yanayoshindana, aseme yanaegemea lipi na kwa nguvu gani. Kuamua nani mkosaji ni kazi ya wengine.

Kampuni ikasoma sehemu ya mipaka, ikatuma mkaguzi Kibosho. Gari lilikuwa nyumbani kwa mwenyewe, mzee mmoja ambaye Noah ile ndiyo inayosomesha watoto wake. Bampa na taa vilikuwa vimeharibika zamani. Kwenye mkwaruzo kutu ilishaota. Lakini mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa na bonde jipya, chuma bado kinang'aa, na rangi ya gari jingine imebaki juu yake. Ripoti ya polisi nayo ilitaja ubavu wa kulia. Dereva alisema aliambiwa atume picha ya gari lililoharibika, akatuma aliyokuwa nayo kwenye simu tangu Desemba. Bima ililipa mlango, ikakataa bampa na taa.

Kama alikosea au alijaribu bahati yake, ripoti yetu haikuhitaji kujua. Ninachojua ni kwamba kama lile neno langu la kwanza lingebaki, dai lote lingekataliwa mezani, na mlango wa yule mzee usingetazamwa na mtu. Karatasi yenye kalamu nyekundu ninayo hadi leo, iko ndani ya faili la fildi.