Kabla hujasema rangi imemkataa mtoto, tazama kiti kilicho nyuma yake

Siku hizi mshono wa sherehe huanzia kwenye simu. Binti anapigwa picha ya kusimama, kuanzia kichwani hadi miguuni, inatumwa kwa fundi au kwa shangazi aliye mjini, na jibu linarudi kabla chai haijapoa: hii imekukubali, ile imekukataa. Tatizo ni kwamba picha ya namna hiyo ni shahidi dhaifu wa rangi ya ngozi, na wakati mwingine uongo wake hugharimu zaidi ya bei ya kitambaa.

Chukua mfano wa familia moja ya Ntobeye, wilayani Ngara. Binti wa miaka 19 alikuwa awe msimamizi kwenye harusi ya dada yake. Mama alimpiga picha mbili uani, saa saba mchana, migomba ikiwa nyuma yake na udongo mwekundu chini ya miguu. Ya kwanza alivaa gauni la njano ya haradali, ya pili gauni la damu ya mzee. Zote zikatumwa kwenye kundi la familia.

Hukumu ilikuwa ya haraka. Kwenye njano uso ulionekana umefifia, mweusi wa majivu. Kwenye damu ya mzee uling'aa. Binamu mmoja akaandika kwamba njano ni ya wasichana weupe, na kama anaitaka sana basi apake kitu kidogo usoni, bado kuna wiki tano. Binti akaanza kuulizia bei ya hicho kitu kidogo.

Shangazi yake, fundi cherehani wa Mwanza, alikuwa bado hajasema neno. Alikuza picha zote mbili, akaacha kumtazama binti, akatazama kiti cha plastiki kilichokuwa mlangoni. Kisha akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hicho kiti cheupe hapo mlangoni, mmekipaka rangi kati ya picha ya kwanza na ya pili?"

"Hapana shangazi, ni kilekile."

"Basi mbona kwenye njano ni cha bluu-bluu na kimefifia, na kwenye hii nyingine ni cheupe pee? Nacho kimekataliwa na gauni?"

Kilichotokea ni hiki. Kamera ya simu haijui rangi halisi ya kitu chochote, inakisia. Ikiona sehemu kubwa ya picha ni ya njano, hudhani mwanga wenyewe ndio wa njano, kwa hiyo huongeza ubluu kidogo kila mahali ili kusawazisha. Ikiona kitu kikubwa chenye kung'aa, hupunguza mwanga. Ikiona kitu kikubwa cheusi au cha rangi nzito, huuongeza. Gauni refu katika picha ya kusimama linachukua eneo kubwa kuliko uso mara nyingi sana, hivyo gauni ndilo linaloamua uso utoke vipi. Njano ilimfanya binti afifie kwa sababu simu ilikuwa ikipambana na njano. Ngozi yake haikuhusika.

Ongeza mazingira ya Ngara. Udongo mwekundu ukipigwa na jua hurudisha mwanga wa rangi yake chini ya kidevu, na majani ya migomba hutupa ukijani shavuni. Jua la saa saba nalo hutia vivuli chini ya macho ambavyo hakuna kitambaa kingeviondoa.

Shangazi akaomba picha nyingine, safari hii kwa masharti. Ipigwe saa tatu asubuhi, barazani kwenye saruji, kivulini, binti akiutazama uwazi na si ukuta. Kioo cha kamera kifutwe kwanza, maana mafuta ya vidole huleta ukungu. Ile sehemu ya kulainisha sura, iliyoandikwa "Beauty" kwenye simu nyingi, izimwe. Na muhimu kuliko yote, vitambaa vyote viwili viwe kwenye picha moja: njano bega la kushoto, damu ya mzee bega la kulia, na karatasi nyeupe ya daftari kifuani. Picha ikomee kiunoni. Kamera ikikosea, itavikosea vyote kwa pamoja, na ulinganisho utabaki wa haki. Karatasi ikitoka na rangi yoyote isiyo nyeupe, picha hiyo itupwe.

Kisha vitambaa vibadilishane mabega na picha irudiwe. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayokamata uongo uliobaki. Kama upande mzuri wa uso unahama pamoja na kitambaa, basi kitambaa ndicho sababu. Kama unabaki palepale, ulikuwa unasifu mwanga wa upande ule.

Zilipofika, shangazi hakutazama mashavu. Alitazama mstari wa taya, pembe za mdomo na chini ya macho. Upande wa njano taya ilipata mng'ao wa dhahabu na vivuli vikapungua. Upande wa damu ya mzee vivuli vilizidi kidogo. Vitambaa vilipobadilishana, mng'ao ukahama navyo. Kitambaa kilichosemwa kimemkataa ndicho kilichomkubali zaidi.

Mafundi huita hiyo rangi ya ndani ya ngozi, nayo ni tofauti na weusi au weupe. Wanawake wawili weusi sawasawa wanaweza kutofautiana: mmoja ngozi yake inaelekea dhahabu au shaba, mwingine inaelekea wekundu mzito au ubluu. Huko hutokana na mchanganyiko wa melanini, damu inayopita chini ya ngozi, na ile njano inayotoka kwenye vyakula kama karoti na mapapai. Jua hukuongezea weusi, lakini mwelekeo huo haubadiliki sana. Kipimo maarufu cha kutazama mishipa ya mkononi, kama ni ya kijani au bluu, hakimsaidii mtu mweusi, kwa kuwa mishipa yenyewe haionekani vizuri. Karatasi nyeupe kando ya taya husema zaidi. Hata hivyo haya ni mambo ya macho na mitindo. Daktari wa ngozi hatibu kwa kuyafuata.

Kinachomhusu daktari ni kile kitu kidogo cha binamu. Mkorogo wenye zebaki unaweza kuharibu figo. Wenye haidrokwinoni, ukitumika kwa muda mrefu, unaweza kuacha mabaka ya weusi wa bluu usoni, yaani kinyume cha ulichonunua. Na picha ya kusimama ndiyo inayoufichua: uso rangi moja, vifundo vya vidole rangi nyingine.

Picha hiyo basi haikosi kazi. Iache ikuoneshe urefu wa gauni, viatu, na kama uso unaonekana kwanza au nguo inautangulia. Rangi iliyo mbali na uso haiufikii, kwa hiyo mtoto anayependa rangi isiyomkubali anaweza kuivaa kuanzia kiunoni kwenda chini. Binti wa Ntobeye alishonewa blauzi ya njano na sketi ya damu ya mzee. Kilemba kilileta mjadala mwingine, maana kinakaa karibu na uso kuliko hata kola, na vitambaa ilibidi virudi mabegani kesho yake saa tatu.