Siku ya kuzaliwa mume akiwa mbali

Mume wangu yuko Wuhan, China, anasoma shahada ya uzamili. Aliondoka Septemba, na Machi 14 ilikuwa siku yake ya kwanza ya kuzaliwa tangu tuoane ambayo hatukuwa chini ya paa moja. Mimi nilibaki Dar es Salaam na binti yetu wa miezi 14.

Kabla ya kufikiria zawadi, tulikaa na saa. Wuhan iko mbele yetu kwa saa tano mwaka mzima. Maana yake ni kwamba saa sita usiku kwake, siku inapoanza, huku ni saa moja jioni ya siku iliyotangulia. Ukihesabu hadi usiku wa manane wa Dar es Salaam, siku yake ilikuwa na saa 29. Hilo lilinichekesha, lakini hesabu hiyohiyo ilinionyesha palipo na shida. Saa tatu usiku, mtoto akishalala na nyumba ikitulia, ndipo upweke hunibana zaidi. Kwake wakati huo ni saa nane usiku, na asubuhi ana darasa.

Kwa hiyo tulikubaliana mapema nani atapiga na saa ngapi. Simu ya kwanza ilikuwa Machi 13, saa moja jioni kwetu. Tulitumia WeChat, kwa kuwa WhatsApp haifunguki kwa mtandao wa kawaida wa China. Mama mkwe alikuwepo, akamwombea dua mwanawe. Binti yetu akamwonyesha baba yake kijiko, akacheka, kisha akatambaa kwenda zake. Dakika kumi zilitosha.

Wazazi huniuliza kama simu hizi zinamdhuru mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinaitenga simu ya video, hata kwa walio chini ya miezi 18, kwa kuwa aliye upande wa pili anamwona mtoto na kumjibu. Inasaidia mtu mzima akikaa naye na kumwambia, "Baba anakupungia, mpungie." Sisi hucheza kujificha: baba anafunika uso kwa mikono, kisha anaibuka. Mtoto akigeuza uso au akianza kulia, tunaaga. Hatumlazimishi kutazama ili baba afurahi.

Zawadi ilikuwa imefika kabla. Mwezi Februari, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anarudi Wuhan alimbebea bahasha yangu. Ndani kulikuwa na karatasi nilizochora unyayo wa binti yetu kila mwisho wa mwezi tangu Septemba, kwa kalamu, na tarehe pembeni. Aliifungua siku hiyo baada ya darasa, akapiga simu saa sita mchana wetu. Alikuwa amezipanga juu ya kitanda. Kati ya karatasi ya kwanza na ya mwisho, unyayo ulikuwa umeongezeka karibu sentimita moja.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mke wangu, mnakua bila mimi."

Sikumwambia kwamba muda utapita haraka. Kwa mtu aliye mbali, maneno hayo humfanya aone aibu kwa kusikia uchungu. Nilimwambia ukweli niliokuwa nao: "Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Na kila asubuhi binti yako anakwenda kwenye picha yako pale sebuleni, anaigonga kwa kiganja." Alicheka huku anafuta macho. Nilijua ametulia alipoanza kuuliza mambo madogo: homa ya juzi imeisha? Fundi wa bomba alikuja?

Saa tatu usiku ilipofika sikupiga simu. Alikuwa ameniachia ujumbe wa sauti wa dakika nne, na tulikubaliana nisiufungue kabla ya muda huo. Niliusikiliza mara mbili, nikalala.

Tiketi yake ni ya Julai 6. Tangu siku ile ya kuzaliwa ni siku 114, na tumekwisha kuzungumza kuhusu uwanja wa ndege. Binti yetu atakuwa na miezi 18, umri ambao watoto wengi bado huwaogopa watu wasiowazoea, na sura ya kwenye simu si sawa na mwanamume mrefu anayenyoosha mikono. Huenda akalia. Tumepanga baba achuchumae hatua chache kutoka kwetu, afunike uso kwa mikono kama wanavyocheza kwenye simu, halafu asubiri mtoto amsogelee mwenyewe.

Mimi sitasubiri.