Ukianguka CCNA, Usirudie Kitabu Kutoka Ukurasa wa Kwanza

Wasee, leo tuongelee ile karatasi ya matokeo ambayo watu wengi huikunja na kuificha. Mtu akianguka mtihani wa CCNA, kitu cha kwanza anachofanya ni kurudi mwanzo wa kitabu na kusoma kila kitu upya. Mimi naona hiyo ni njia ya kulipa mara mbili.

Na kulipa si mchezo. CCNA ni dola 300, karibu shilingi elfu 39. Hapa Garissa hizo ni mbuzi kadhaa. Dada yangu mdogo alipoanguka, hooyo ndiye aliyekuwa ametoa pesa, na ya mara ya pili ilikuwa ya mwisho. Kanuni inasema unangoja siku 5 tu kabla ya kurudia. Yeye alitaka kurudia wiki iyo hiyo. Nikamwambia, "Abaayo, lete kwanza ile ripoti."

Ripoti ya Cisco haikuonyeshi swali gani ulikosa. Inakupa asilimia kwa kila sehemu, basi. Yake ilikuwa hivi: Network Fundamentals 75, Network Access 40, IP Connectivity 44, IP Services 70, Security Fundamentals 73, Automation and Programmability 30.

Macho yake yalienda moja kwa moja kwa ile 30. "Hii Automation ndiyo imenimaliza," akasema. Ukiangalia haraka utakubali. Lakini sehemu hazina uzito sawa. Automation ni asilimia 10 ya mtihani, IP Connectivity ni 25, Network Access ni 20. Kwa hivyo tulichukua kile alichokosa tukazidisha kwa uzito wa sehemu. Automation alikosa 70 kwa 100, mara 10, ni pointi 7. IP Connectivity alikosa 56 kwa 100, mara 25, ni pointi 14. Network Access ikawa pointi 12. Zile nyingine tatu zikijumlishwa pia ni 12. Yaani sehemu mbili pekee zilikula 26 kati ya pointi 45 alizopoteza.

Hesabu hii si alama kamili, kwa sababu Cisco hawatangazi alama ya kupita wala jinsi kila swali linavyohesabiwa. Pia sehemu ndogo ina maswali machache, kwa hivyo swali moja au mawili yanaweza kuyumbisha asilimia yake sana. Lakini kwa kupanga muda, inatosha kabisa.

Hatua ya pili ni kujua ndani ya IP Connectivity tatizo liko wapi. Cisco wana orodha ya mada za mtihani, bure. Tulichukua kila mada, nikampa karatasi tupu aeleze bila kitabu. OSPF alieleza vizuri. Kisha nikamwandikia hii:

```
S  10.20.0.0/16 [1/0] via 192.168.1.2
O  10.20.5.0/24 [110/20] via 192.168.1.6
```

Pakiti inaenda 10.20.5.9. Rauta itaituma wapi? Akajibu haraka, 192.168.1.2, kwa sababu 1 ni ndogo kuliko 110. Hapo ndipo pointi zilikuwa zinavuja. Ile namba 1 na 110 hutumika tu njia mbili zikigombania mtandao uleule, wenye /ile ile. Hapa mitandao ni miwili tofauti. Rauta huchagua kwanza ile inayolingana na anwani kwa biti nyingi zaidi, na /24 inashinda /16. Jibu ni 192.168.1.6. Jedwali la namba alikuwa amelikariri lote, lakini mpangilio wa maamuzi hakuwa nao.

Ratiba mpya ilikuwa wiki sita: mbili za IP Connectivity, mbili za Network Access, moja ya Automation, na ya mwisho ya kuchanganya zote. Kazi nyingi ilikuwa kwa Packet Tracer, ambayo ukishaingia hukusumbui bando. Sheria ilikuwa moja: kabla ya kubonyeza `ping`, andika kwanza pakiti itapita wapi. Ukikosea utabiri, hapo ndipo pa kusoma usiku huo.

Maswali ya mazoezi aliyoyafanya zamani tuliyaweka kando. Ukirudia yale yale, alama hupanda kwa sababu unakumbuka jibu, na unadhani umeiva. Alipanda basi la Nairobi tu baada ya kupata utabiri sahihi kwa mitandao mipya aliyochorewa na mtu mwingine, siku tatu mfululizo.

Alipita. IP Connectivity ilitoka 44 ikafika 84. Automation ilifika 50 tu, na haikumzuia.

Wewe ripoti yako iko wapi? Itoe, zidisha, kisha ndiyo ufungue kitabu.