Ua ndani ya ua: namna ya kusikiliza wimbo wa mapenzi

Juma hili tuchukue neno moja fupi ambalo watunzi wa nyimbo za mapenzi hawachoki kulitumia: ua. Tangu Siti binti Saad wa Unguja aliporekodi nyimbo zake kule Bombay mwaka 1928, na hata zamani kabla ya sahani za santuri, washairi wa pwani ya Kiswahili wamekuwa wakimsifu mpendwa bila kumtaja jina. Jina la binti wa watu halitupwi barabarani. Basi anaitwa waridi, asumini, njiwa, lulu. Msikilizaji anaachiwa kazi ya kutafuta ni nani, na anatakiwa nini.

Kazi hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wenye mabinti. Kuitwa ua ni kutamu, lakini ua linaweza kumwagiliwa, na linaweza kuchumwa na kutupwa jioni.

Huku kwetu Kongo tuna shida moja zaidi. Katika Kiswahili cha sokoni tunasema “kitabu yangu”, “mtoto yangu”, “nyumba yangu”, vyote sawasawa. Mtu wa Mombasa au Unguja hasemi hivyo, na mtunzi wake anaficha mambo mengi katika silabi hizo tunazozimeza. Kwake “ua lake” ni lile linalonukia, na wingi wake ni maua. “Ua wake” ni uwanja wa nyumba uliozungushiwa wigo, na wingi wake ni nyua. Tena kuna “kuua”, kutoa roho, ambako washairi wanakupenda sana: ua linaua. Neno moja, milango mitatu, na ufunguo ni silabi inayofuata.

Ili tusikopeshe mali ya wengine, tumetunga ubeti wetu wenyewe kama tunavyofanya darasani, wenye mizani 16 kila mstari, nane kwa nane:

Liko ua nimeona, kwenye ua wa mzazi,
Lanukia kila kona, lina miba waziwazi,
Kulichuma sitanena, nangoja wake mlezi,
Mvumilivu huvuna, nami siji kama mwizi.

Mstari wa kwanza una ua mara mbili. “Liko” inatuonyesha la kwanza ni la kunukia. “Wa mzazi” inatuonyesha la pili ni wigo. Kwa hiyo kabla hatujafika mstari wa pili tumekwisha kujua kwamba huyu binti bado yuko kwao, hajaolewa. Kama mtunzi angesema “kwenye ua wa mwenzi”, wimbo mzima ungegeuka: angekuwa anamtazama mke wa mtu. Wasikilizaji wa pwani wangecheka chini ya pumzi, na sisi huku tungeendelea kucheza.

Mstari wa pili unasema linanukia kila kona. Hapo harufu ni sifa njema, yaani tabia yake inasemwa vizuri hata na watu wasiomwona. Miba ni kujiheshimu kwake: si mtu wa kushikwashikwa. Sasa, “waziwazi” ina maana gani? Tuseme ukweli, imewekwa kwa sababu tulihitaji kina cha “zi”. Hili ni jambo la kukumbuka kila mara. Neno lililokaa mwisho wa kipande pengine limeitwa na kina tu, na anayelikamua apate siri atakamua jiwe. Uzito utafutwe kwanza katika maneno ambayo mtunzi angeweza kuyabadilisha bila kuharibu kina, lakini hakuyabadilisha.

Kwa mfano “mlezi”. Hilo nalo liko penye kina, lakini jaribuni kulibadilisha. Ua la bustani lina mtu wa kulimwagilia. Mlezi ni wa mtoto. Neno hilo halikai vizuri juu ya mmea, na pale ambapo neno halikai vizuri ndipo pazia limefunuka. Washairi wengine wanafunua kwa sarufi: wanaanza na “ua limechanua”, halafu mbele kidogo unasikia “ua amenuna”. Ua la kweli halisemwi “amenuna”. Hiyo “a” ya kiumbe mwenye roho inatosha kumwambia msikilizaji kwamba mimea imekwisha, sasa tunazungumza juu ya mtu. Ila “a” hiyo haisemi kama ni mume au mke. Kiswahili hakitofautishi, na ndiyo sababu wimbo uleule mwanamke anaweza kuuimba kwa mumewe bila kugeuza hata neno.

Baada ya hapo tazameni vitendo, maana vitendo ndivyo vinavyobeba nia. Kijana wa ubeti wetu anakutaja kuchuma, lakini anasema hatakunena; anangoja mlezi, yaani anataka kupita kwa wazazi. Mwingine angeandika “nilinuse mara moja” au “nilichume kabla halijanyauka”. Sifa za ua zingebaki zilezile, pengine tamu zaidi, lakini huyo hana habari na wazazi. Ujumbe wa namna hii unaingia siku hizi katika simu za mabinti zetu. Mama akiusoma, aache kwanza majina mazuri, apige mstari chini ya vitendo: kunusa, kuchuma, kuonja upande mmoja, kumwagilia, kupalilia, kungoja, kubisha hodi upande wa pili.

Na methali? Mtunzi mzuri haimalizi. Ukisikia “Mvumilivu”, mdomo wako wenyewe unaendelea: hula mbivu. Ubeti wetu umesema “huvuna”, lakini mbivu imekwisha kuingia kichwani. Mbivu ni tunda, na tunda hutoka kwenye ua. Kijana amezungumza juu ya ndoa na watoto bila kutaja kimoja kati ya hivyo. Asiyejua methali hapati kitu hapo, hata kama anajua kila neno. Kwa hiyo watoto wetu wanaojifunza misamiati bila methali wanasikia nusu ya wimbo.

Kuna pia kusoma kusikokuwa katika maneno. Kwenye taarabu za Unguja na Mombasa, mwanamke anasimama katikati ya wimbo, anakwenda polepole kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, anamtunza noti. Ukumbi wote hutazama alisimama penye mstari gani na macho yake yalimwelekea nani. Mtunzi alikuwa na mtu wake. Huyu mama ameuchukua mstari na kumpa mtu mwingine, labda mume, labda mke mwenza. Kwa hiyo wimbo wa sifa unaweza kuwa kofi, kufuatana na anayetunza. Vikwembe vyetu navyo vina majina, na tunajua sote kwamba kuna kikwembe ambacho huendi nacho kwa wifi.

Jibu la ubeti hutolewa kwa lugha ileile, na mara nyingi kwa vina vilevile. Familia ya binti haitamwambia kijana “tumekubali” wala “ondoka”. Inaweza kumjibu kwamba ua wa mzazi una mlango, na mlango huo hufunguliwa mchana. Kama aliimba kwa nia aliyoionyesha, ataelewa ni “ua” lipi linalosemwa, na atakuja na wazee wake.